Miguu Inayochelewa: Siri ya Mhusika wa Gemu Kugeuka Akiwa Amesimama

"Kulia, geuka!" Aliyewahi kusimama kwenye gwaride hahitaji kukumbushwa. Uzito unakaa juu ya kisigino cha mguu wa kulia na vidole vya mguu wa kushoto, mwili unazunguka robo duara, kisha mguu wa kushoto unaletwa kukutana na mwenzake. Kazi imegawanywa sehemu mbili, na katika kila sehemu kuna mguu uliokanyaga ardhi na kubeba mwili. Hata raia anayeitwa na mtu upande wake wa kulia hufanya jambo linalofanana na hilo bila amri ya mtu: jicho hutangulia, kichwa hufuata, bega huja nyuma yake, na mwisho kabisa miguu hupiga hatua mbili ndogo.

Sasa mtazame mhusika wa gemu aliyetengenezwa na mwanafunzi wiki yake ya kwanza. Amesimama vizuri, anapumua, bunduki iko mkononi. Mchezaji anasukuma kipanya kulia, na mtu mzima mwenye buti za kilo mbili anazunguka kama pia. Nyayo zinateleza sakafuni bila hata kisigino kuinuka. Hakuna kilichoharibika, kompyuta imefanya ilichoambiwa. Lakini mtazamaji, hata asiyejua neno moja la uhuishaji, anahisi papo hapo kwamba huyo si mtu bali ni sanamu iliyowekwa juu ya sahani inayozunguka.

Kosa hilo huzaliwa kwenye muundo wenyewe wa mhusika. Katika injini nyingi za gemu, mhusika ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza hakionekani: umbo lenye sura ya kidonge cha dawa kilichosimama wima, ndilo linalogonga kuta, linalosimama sakafuni na linaloelekezwa na mchezaji. Cha pili ndicho tunachokiona, yaani mwili wenye ngozi, nguo na kiunzi cha mifupa ndani yake. Mwili umebandikwa kwenye kidonge. Kidonge kikigeuka nyuzi 30, mwili wote unageuka nyuzi 30, kuanzia utosini hadi unyayoni, kwa mara moja. Kidonge hakina miguu, kwa hiyo hakijui kwamba miguu inapaswa kupiga hatua.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kumfanya mchezaji asubiri. Akisukuma kipanya, mhusika aanze kwanza kucheza klipu ya kugeuka, na mwelekeo wake ubadilike kadiri miguu inavyobadilika. Mwendo unaotokea hapo ni mzuri sana kuutazama. Shida ni kwamba mchezaji hatazami tu, anaendesha. Gemu la The Witcher 3 lilitoka Mei 2015 likiwa na Geralt mwenye mwili mzito, anayemaliza hatua yake kabla ya kukubali amri mpya, na wachezaji wengi walilalamika kwamba anachelewa kuitika. Miezi miwili baadaye, katika toleo la 1.07, watengenezaji waliongeza chaguo la namna nyingine ya mwendo ili mhusika aitikie upesi zaidi. Hilo lilikuwa gemu la upanga. Katika gemu la kulenga shabaha kusubiri hakuwezekani kabisa, kwa sababu adui aliye kulia hatangoji mguu wa kushoto ufike.

Kwa hiyo mafundi wa magemu ya kulenga walichagua njia nyingine, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu. Kidonge kinaruhusiwa kugeuka papo hapo, pamoja na kamera na mwelekeo wa risasi. Mwili unaoonekana ndio unaozuiwa. Kila kidonge kinapogeuka nyuzi 5 kwenda kulia, mwili unarudishwa nyuzi 5 kushoto, ili miguu ibaki palepale ilipokanyaga. Baina ya kidonge na mwili linazaliwa pengo. Katika Lyra, mradi wa mfano ambao kampuni ya Epic iliutoa mwaka 2022 pamoja na Unreal Engine 5, pengo hilo linaitwa `RootYawOffset`, na moyo wa hesabu yake ni mstari mmoja unaorudiwa kila fremu:

```
RootYawOffset = RootYawOffset - DeltaYaw
```

`DeltaYaw` ni kiasi ambacho kidonge kimegeuka tangu fremu iliyopita. Kulia ni chanya, kushoto ni hasi. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Ugumu uko kwenye mambo yanayofuata.

Jambo la kwanza ni bunduki. Ikiwa mwili wote umebaki nyuma nyuzi 40, mtutu nao umebaki nyuma nyuzi 40, na risasi zitaonekana zikitoka upande ambao bunduki haikuelekezwa. Hivyo msokoto unaongezwa katika mifupa ya uti wa mgongo, kwa kiasi kilekile cha pengo lakini kwa upande wa pili. Nyonga na miguu vinabaki vilipo; kiuno kinasokota kidogo, kifua kinasokota zaidi, na mabega pamoja na kichwa vinafika kwenye shabaha. Bila kukusudia sana, mafundi wamerudi kwenye mpangilio wa mwili halisi: kichwa mbele, miguu nyuma. Mtu aliyesimama anaweza kabisa kutazama kulia kwa nyuzi 40 bila kuinua mguu, na mhusika naye anaweza.

Mwili una mwisho wake lakini. Msokoto ukizidi, ngozi ya tumbo inajikunja vibaya na mtu anaanza kuonekana kama nguo inayokamuliwa. Kabla ya kufika huko miguu lazima itembee. Hapo panawekwa kizingiti, na katika Lyra ni nyuzi 50. Sharti la kuanza kugeuka linasomeka hivi:

```
Abs(RootYawOffset) > 50
```

Tumfuate mhusika mmoja hatua kwa hatua. Gemu linaonyesha fremu 60 kwa sekunde. Mchezaji anasikia milio kulia kwake na kusukuma kipanya, na kidonge kinageuka nyuzi 5 kila fremu. Baada ya fremu ya kumi pengo ni −50. Miguu haijasogea, kiuno kimesokota, mtutu tayari uko kulia. Fremu ya kumi na moja inafikisha −55. Kizingiti kimevukwa, na klipu ya kugeuka kulia nyuzi 90 inaanza kucheza. Mchezaji anaendelea hadi fremu ya kumi na nne, ambapo kidonge kimegeuka nyuzi 70 kamili, kisha anatulia. Hajatumia hata robo sekunde. Miguu ndiyo kwanza inaanza kuinuka.

Klipu yenyewe inachukua, tuseme, fremu 24 za uhuishaji kwa kasi ya fremu 30 kwa sekunde, yaani sekunde 0.8. Katika muda huo wote pengo linapaswa kupungua, na lipungue sambamba na mwendo wa miguu iliyochorwa. Hapa pana ufundi mzuri. Mhuishaji anapoitengeneza klipu humzungusha mhusika kwa kutumia mfupa mzizi, ule ulio chini kabisa sakafuni ambao mifupa mingine yote inaufuata. Baadaye chombo kidogo kinausoma mzunguko huo na kuugeuza kuwa grafu inayoambatana na klipu, iitwayo `RemainingTurnYaw`: nyuzi ngapi zimebaki kabla ya kumaliza kugeuka. Grafu inaanza 90 na kuishia 0. Katika kila fremu injini inalinganisha thamani mpya na ya zamani. Kama ilikuwa 81 na sasa ni 78, nyuzi 3 zimeliwa, na mwili unazungushwa nyuzi 3 kulia. Mahali ambapo mhuishaji aliipunguza kasi, kwa mfano uzito unapohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, grafu nayo inalala, na mwili unasubiri. Ndiyo maana nyayo haziteleizi: mzunguko unatokea pale tu ambapo mguu uliochorwa unauruhusu.

Mwisho wa klipu mwili umezunguka nyuzi 90, ingawa mchezaji alitaka 70 tu. Pengo sasa ni +20. Miguu imepita kidogo, na uti wa mgongo unasokota nyuzi 20 kurudi kushoto ili mtutu ubaki kwenye shabaha. Hakuna anayeliona. Mtu aliyesimama huku nyonga zake zikitazama upande kidogo kuliko macho yake ni jambo la kawaida. Wapiga picha huwaambia wateja wao wasimame hivyohivyo.

Namba 50 imekaa mahali pazuri kwa sababu ambayo wanafunzi wengi huigundua kwa maumivu. Chukua kizingiti cha 40, ambacho kinaonekana kitamfanya mhusika awe mwepesi zaidi. Mchezaji anageuka polepole hadi pengo lifike −41 na kuacha hapo. Klipu ya nyuzi 90 inacheza, na pengo linakuwa −41 jumlisha 90, yaani +49. Lakini 49 ni zaidi ya 40! Kizingiti kimevukwa tena, mara hii upande wa pili, kwa hiyo mhusika anageuka kushoto nyuzi 90 na kurudi kwenye −41. Kisha kulia tena. Mchezaji ameondoa mkono kwenye kipanya, na mhusika wake anapiga hatua kulia na kushoto bila kukoma, kama mlinzi aliyesahau zamu yake iko lango gani. Kanuni inajitokeza yenyewe: kama klipu yako inageuka nyuzi 90, kizingiti lazima kizidi nusu yake, yaani 45. Hamsini inaacha nafasi ya kupumua. Anayetaka kizingiti kidogo zaidi inambidi atengeneze klipu ya kugeuka kidogo zaidi, labda ya nyuzi 45, au amruhusu mhusika ageuke kwa kiasi kamili cha pengo kwa kuipunguza klipu kwa hesabu.

Turudi kwa mhuishaji, maana hesabu zote hizi ni bure kama klipu yenyewe haina uzito.

Kugeuka kulia nyuzi 90 kwa mtu aliyesimama kwa raha si ile "kulia geuka" ya gwarideni. Askari ameweka visigino pamoja na amekaza magoti, ndiyo maana anazunguka juu ya kisigino. Mtu wa kawaida ameachanisha miguu na magoti yake yamelegea. Kwanza uzito unahamia mguu wa kushoto. Nyonga zinaenda kushoto sentimita chache. Hatua hii ndiyo inayosahaulika mara nyingi kuliko zote, kwa sababu inakwenda kinyume na upande anaogeukia, na mwanafunzi anaona kama inapoteza muda. Lakini mguu uliobeba uzito hauwezi kuinuka. Ukimchora mhusika akiinua mguu wa kulia kabla nyonga hazijahama, mtazamaji atamwona kama aliyening'inizwa kwa kamba.

Uzito ukishahama, kisigino cha kulia kinainuka, mguu unafunguka nje na kutua ukitazama mwelekeo mpya. Hapo nyonga zinazunguka na kushuka kidogo zinapovuka katikati ya miguu miwili, kwa sababu magoti yote mawili yamekunjwa. Wakati huohuo mguu wa kushoto unazungukia sehemu ya mbele ya unyayo, pale nyuma ya vidole, huku kisigino kikitoka nje. Hilo ndilo egemeo lenyewe. Sehemu hiyo ya unyayo inapaswa kubaki kwenye nukta moja ya sakafu kwa fremu zote za mzunguko; ikihama hata sentimita mbili, jicho litalinasa. Baadaye uzito unahamia kulia, mguu wa kushoto unainuka, unapita chini chini na kutua mahali pake. Mwili haukomi pamoja na mguu. Mabega yanavuka kidogo na kurudi, mkono ulioshika bunduki unachelewa fremu mbili tatu, na kifua kinashusha pumzi. Fremu hizo za kutulia mwishoni zikikatwa, mhusika anaonekana kama mlango uliofungwa kwa kishindo.

Upatikanaji wa mwendo huo umebadilika sana. Jordan Mechner, alipokuwa akitengeneza Prince of Persia iliyotoka mwaka 1989, alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akazichora fremu zake moja moja kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Gemu lile lilionekana kwa ubavu tu, kwa hiyo mwana mfalme alikuwa na mielekeo miwili, kushoto na kulia. Leo mwigizaji huvaa suti yenye alama, na kamera zikimzunguka hurekodi kila kiungo. Hata hivyo orodha ya klipu huongezeka haraka. Nyuzi 90 na 180, kulia na kushoto, ni klipu nne. Ukiongeza mkao wa kuchuchumaa ni nane. Ukiongeza bunduki, bastola na mikono mitupu ni ishirini na nne. Hiyo ndiyo sababu studio ndogo hubaki na za nyuzi 90 peke yake, na uamuzi huo ni wa busara: mchezaji anayegeuka nyuma kabisa atazipata klipu mbili za 90 zikifuatana.

Kuna njia inayoepuka orodha hiyo. Badala ya kuita klipu kwa jina, injini inatafuta mara nyingi kila sekunde, ndani ya hazina kubwa ya mwendo uliorekodiwa, fremu inayofanana zaidi na mkao wa sasa wa mhusika na njia anayotaka kuifuata. Simon Clavet wa Ubisoft aliieleza hadharani mwaka 2016, ikitumika katika For Honor iliyotoka mwaka uliofuata, na mwaka 2024 Epic ilitoa bure mradi wa mfano wa namna hiyo wenye klipu zaidi ya 500. Haimwondolei mtu kazi ya kuchora uzito, maana inachagua tu kilichomo. Hazina isiyo na mtu anayegeuka taratibu haiwezi kumpa mhusika kugeuka taratibu.

Sasa yale yanayoharibika. La hatari zaidi ni nyuzi 180. Kompyuta huandika pembe kati ya −180 na 180, kwa hiyo pengo la −181 linasomwa kama +179. Mchezaji akizungusha kipanya kwa fujo kabla miguu haijamaliza klipu, pengo linaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kiuno cha mhusika kinapinduka ndani ya fremu moja. Dawa ni kuweka ukomo kabla ya hapo, kwa mfano nyuzi 120: pengo likifika hapo haliongezeki tena, na ziada yote inawaburuta miguu. Ni kweli nyayo zitateleza. Lakini kuteleza kwa muda mfupi wakati mchezaji anazunguka kama kimbunga ni kosa dogo kuliko uti wa mgongo uliopinduka.

La pili hutokea mhusika anapoanza kutembea akiwa na pengo. Klipu ya kutembea imechorwa mwili ukitazama mbele. Pengo la nyuzi 30 likiachwa, mhusika atakwenda upande kama kaa. Likifutwa ghafla, mwili utaruka. Lyra hulirudisha kwenye sifuri taratibu kwa hesabu ya springi, kwa haraka lakini bila mshtuko, na mwendo wa miguu unaoanza wakati huo unaficha marekebisho yenyewe.

Namna ya kuyaona makosa haya ni rahisi, ila wengi hawaifanyi. Mtu hukaa na kamera ileile ya mchezo, nyuma ya bega, mahali ambapo miguu haionekani vizuri, kisha anasema kazi imekwisha. Ishushe kamera hadi usawa wa sakafu. Weka chini ya mhusika vigae vyenye mistari, ili unyayo uwe na kitu cha kulinganishwa nacho. Kisha fungua sehemu ya amri na upunguze kasi ya wakati hadi moja ya tano:

```
slomo 0.2
```

Geuka polepole, geuka haraka, geuka na kurudi kabla klipu haijaisha. Kwa kasi hiyo unyayo unaoteleza unajitangaza wenyewe, na utaona pia kama nyonga zilihama kabla ya mguu kuinuka.

Yote haya yanamhusu mhusika anayeendeshwa na mtu. Mlinzi wa langoni anayeongozwa na kompyuta ana nafasi ambayo mhusika wa mchezaji hana: hakuna anayemsubiri. Anaposikia kishindo nyuma yake anaweza kuanza na macho, akae robo sekunde, ageuze kichwa, kisha kifua, na mwisho aamue kupiga hatua. Kumwekea huyo hila ya kidonge na pengo ni kupoteza. Mpe mzunguko kamili wa mfupa mzizi, kidonge kiufuate mwili, na uigizaji wake ukamilike.

Mradi wa Lyra unapatikana bila malipo kwa yeyote mwenye Unreal Engine. Ndani yake fungua faili la `ABP_Mannequin_Base`, utafute hesabu ya `RootYawOffset`, kisha fungua `ABP_ItemAnimLayersBase`, utafute sharti lenye namba 50. Ibadilishe iwe 40, simama katikati ya uwanja, geuka polepole hadi miguu inapoanza kusogea, kisha uachie kipanya na utazame inavyohangaika.